Swichi za kibodi: bluu, kahawia au nyekundu? Mchana kuchapa, usiku gemu (Iyunga, Mbeya)

Steshenari_Iyunga

Wakuu, mwagonile. Na wa Iringa, kamwene.

Nina steshenari huku Iyunga karibu na chuo. Mchana kazi ni kuchapa: ripoti za mafunzo kwa vitendo, tasnifu, barua za maombi ya kazi. Usiku mdogo wangu anakalia mashine hiyohiyo anacheza Counter-Strike, wikiendi eFootball. Kibodi ni ya mekanika, vitufe 87, swichi za bluu. Kwenye boksi wameandika swichi zinachomoka bila kuchomelea, na juu ya swichi yenyewe pameandikwa Outemu.

Shida zangu ni tatu. Kelele: mteja akipokea simu lazima niache kuchapa, na usiku jirani anagonga ukuta. Pili, dogo analalamika kwamba akigonga kitufe kimoja mara mbili harakaharaka, mara ya pili haisomi. Tatu, herufi a imeanza kutoka mbilimbili, naandika "asante" inakuja "aasante".

Nataka kubadili swichi, sio kibodi nzima. Niweke zipi?

---

Kijana_wa_Kabwe

Rahisi hiyo. Nunua vile vipete vya raba, vinavaa chini ya kofia za vitufe, kelele kwisha. Ukitaka kubadili kabisa: nyekundu za gemu, bluu za kuchapa, kahawia katikati. Hakuna cha zaidi.

---

Fundi_Mafiati

Kijana, raba umesema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo shida ya mleta mada.

Kitufe cha mekanika kina sauti mbili. Ya kwanza ni ile kofia inapogonga chini, na nyingine inapopanda na kugonga juu. Hiyo ya kugonga chini raba inaipunguza kweli. Lakini swichi ya bluu ina sauti yake ya tatu, "klik", na hiyo inatoka ndani ya ganda. Ukiifungua bluu utaona shina lina vipande viwili: cha bluu unachokibonyeza, na koti jeupe linalocheza juu na chini peke yake. Ukishuka kama milimita mbili, koti linaruka ghafla na kupiga sakafu ya ganda. Hapo ndipo klik inapozaliwa, kabla kofia haijafika kwenye raba yako. Kwa hiyo atavalisha raba vitufe vyote 87, atabaki na klik zake zote 87, na safari ya kitufe itakuwa fupi na ya kubonyea kama sponji.

Na hilohilo koti ndilo linalomsumbua mdogo wake. Kwenye Cherry MX ya bluu, ambayo Outemu na wengine wameiiga, kitufe kinasomwa ukishuka milimita 2.2 kati ya 4. Ila ili kisomwe tena, lazima kirudi juu hadi koti likae mahali pake, na pale ni juu ya pale kiliposomwa kwa zaidi ya nusu milimita. Dogo anagonga, anaachia kidogo, anagonga tena. Kidole chake kimerudi juu, lakini hakijafika pa kurudia. Kompyuta bado inaona kitufe kimebonyezwa vilevile. Kibodi si mbovu, imeumbwa hivyo.

Kahawia na nyekundu hazina koti. Pa kusomwa na pa kuachia ni karibu mahali pamoja, hivyo pigo la pili linasomwa hata kama hujaachia juu kabisa. Hiyo ndiyo tofauti inayomhusu mcheza gemu. Rangi inayosifiwa dukani haimsaidii.

---

Babu_wa_Tukuyu

Swichi ya kibodi mimi yangu iko chini, ubavuni, ukiisogeza taa inawaka ya kijani. Yako ikisumbua badili betri kwanza kabla ya kununua vitu. Betri ikiwa dhaifu herufi zinaruka.

---

Fundi_Mafiati

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ni swichi ya kuwashia kibodi isiyo na waya. Hapa tunazungumzia kila kitufe kina swichi yake chini ya kofia. Ila kuhusu betri na herufi kuruka, uko sahihi kwa ile yako.

---

Steshenari_Iyunga

Asante Fundi, hilo la koti limeniingia. Sasa nachanganyikiwa na namba. Muuzaji mmoja wa Mwanjelwa anasema kahawia ni gramu 45, mwingine 55. Nyekundu nayo 45. Sasa kahawia na nyekundu si uzito mmoja?

---

Mpima_Kihesa

Wote wawili hawajakudanganya, wamepima mahali tofauti.

Nyekundu ni ya kuteleza. Ndani kuna springi tu, hakuna kinachozuia njiani. Kadiri unavyoshuka ndivyo springi inavyokaza, polepole na sawasawa. Ile 45 ni uzito ulio kwenye kidole pale milimita 2 kitufe kinaposomwa. Ukiendelea hadi sakafuni inazidi hapo.

Kahawia ina nundu. Mguu wa shina una kivimbe kidogo kinachosukuma bati la shaba, na wewe unahisi kama kigingi kidogo njiani. Unapanda nundu, kwenye kilele uzito ni kama 55, halafu unaporomoka upande wa pili, na pale kitufe kinaposomwa ni kama 45. Muuzaji wa kwanza kasoma namba ya pa kusomwa, wa pili kasoma ya kilele. Kwa kidole chako iliyo muhimu ni kilele, kwa sababu usipokipita hakuna herufi. Kwa hiyo chukulia nyekundu 45, kahawia 55, bluu 60. Kuna nyeusi pia, ya kuteleza kama nyekundu ila 60. Boksi likiandika cN badala ya gramu usihangaike, tofauti haifiki hata asilimia mbili.

Hizo ni za Cherry. Za kuiga hukaribia, ila pakiti na pakiti hazilingani, kwa hiyo pima mwenyewe. Unahitaji multimita na mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu moja moja.

Chomoa swichi moja. Funga nyaya mbili nyembamba kwenye pini zake mbili za chuma, kisha ichomeke kwenye kipande cha sponji ngumu isimame wima. Weka multimita kwenye mlio na uiunganishe na hizo nyaya. Rudishia kofia juu ya swichi, na juu ya kofia weka kikombe chepesi cha karatasi. Sasa mimina sukari ndani, punje kidogo kidogo, hadi multimita ilie. Acha hapo. Weka kikombe, sukari na ile kofia kwenye mzani pamoja. Umepata gramu zako. Rudia mara tatu, uchukue ya katikati.

Angalizo: kwa nyekundu unapata uzito wa pa kusomwa. Kwa kahawia na bluu unapata kilele, maana sukari ikishafikia kilele kitufe kinaanguka chenyewe hadi chini kwa mpigo mmoja. Usije ukasema kahawia yako ni mbovu kwa sababu imesoma 55 na boksi linasema 45.

---

Kijana_wa_Kabwe

Sukari kwenye kibodi 😂 Si unaalika sisimizi.

---

Mpima_Kihesa

Nimesema chomoa swichi kwanza, bwana mdogo. Ukiogopa sisimizi tumia mchanga mkavu.

---

Mchapaji_Njombe

Mimi nachapa tu, gemu sijui. Nataka kuongeza la wachapaji kwa sababu naona nyekundu inataka kupewa ushindi kimyakimya.

Kwenye swichi ya kuteleza hakuna kinachokuambia herufi imeingia. Mchapaji anayenakili maandishi ya mkono macho yako kwenye karatasi, hayako kwenye skrini. Asipopata ishara kidoleni, anabonyeza hadi sakafuni kila herufi ili awe na uhakika. Kwa hiyo nyekundu ambayo ni nyepesi kwenye boksi inamchosha kwa kugonga chini siku nzima, na kelele yake ya sakafu inakuwa kubwa hata kama haina klik. Mwenye nundu akizoea anaachia baada ya nundu, kidole hakifiki chini.

La pili, vidole vinavyopumzika. Mchapaji huegesha vidole kwenye A S D F na J K L. Ukiwa na springi nyepesi, kidole kizito kikiegemea kidogo tu herufi inaingia. Kwenye tasnifu utakuta "j" na "f" za ajabu katikati ya maneno na hujui zimetoka wapi. Nundu inazuia hilo.

Na baridi ya huku Juni na Julai, asubuhi vidole vimekakamaa, unapiga kwa nguvu kuliko kawaida. Swichi nyepesi unaipiga hadi chini bila kujua. Mimi naamini pia zile zilizopakwa grisi nzito zinakuwa nzito asubuhi, hadi chumba kipate moto.

---

Fundi_Mafiati

Dada Mchapaji, mengi nakubali. La grisi kuganda, kwa swichi zilizopakwa kiasi sina hakika mtu atalihisi. Zilizopakwa kupita kiasi, ndiyo, zinakwama hata pasipo baridi.

Maana hapo watu wengi ndipo wanapoharibu. Grisi iwe ya kulainisha plastiki, kama Krytox 205g0, inapakwa kwa brashi ndogo kama ya rangi ya maji, utando tu. Ukiona weupe umepitisha. Mafuta ya kupikia na ya mgando yanabeba vumbi, na huku kiangazi vumbi tunalijua. Dawa ya kupuliza ya kulegezea kutu nayo si kilainishi cha swichi. Kahawia usipake miguu ya shina, utaifuta nundu uliyoilipia. Bluu usipake kabisa, koti likiteleza kwa grisi klik inakufa nusu na kitufe kinabaki kama kina mafua. Bati la shaba popote pale usiliguse.

---

Mpima_Kihesa

Turudi kwenye herufi a ya mleta mada, imesahaulika.

Bati la shaba likigusa mwenzake halitulii papo hapo, linadunda milisekunde chache. Kibodi imepangwa kusubiri midundo iishe ndipo ihesabu. Bati likichakaa au vumbi likiingia, mdundo unazidi muda wa kusubiri, na kompyuta inaona mapigo mawili. Ndiyo "aasante" yako.

Kwa nini a na si q? Piga hesabu. Chukua tasnifu ya kurasa 80, kila ukurasa maneno 300, kila neno na nafasi yake mapigo 7 hivi. Ni mapigo 168,000. Kiswahili kinapenda a kuliko herufi nyingine yoyote, ni kama moja kwa kila tano. Toa nafasi kati ya maneno, zinabaki herufi 144,000, na a peke yake ni kama 29,000. Tasnifu moja tu. Ukichapa kumi, a imepigwa karibu laki tatu, na q labda mara chache kwenye marejeo. Swichi inadaiwa kuhimili mamilioni, lakini vumbi halisomi boksi.

Kujua kama ni swichi au bodi: chomoa swichi ya a na ya Pause, zibadilishane nafasi. Fungua Notepad, gonga a mara 100 polepole, kisha soma chini idadi ya herufi. Ikitoka 100 kamili, basi aliyekuwa mgonjwa ni swichi, sasa amelala kwenye Pause ambayo huigusi. Ikiendelea kutoka 104 au 107, tatizo ni soketi au bodi, na kununua swichi 87 mpya hakutakusaidia.

Fanya hivi kabla ya kununua chochote.

---

Steshenari_Iyunga

Nimefanya. Mara ya kwanza kabla ya kubadilisha ilitoka 106. Baada ya kubadilisha, 100. Nimerudia mara mbili, 100. Kwa hiyo ni swichi.

Ila ya Pause niliyoileta kwenye a, mwanzo haikufanya kazi kabisa. Niliichomoa, pini moja ilikuwa imepinda kama ndoano. Nikainyoosha.

---

Fundi_Mafiati

Hiyo ya pini ndiyo ajali ya kwanza ya kila mtu, na bora imekukuta kwenye moja. Utaratibu, kabla hujazifanya 87:

Chomoa waya wa kibodi kwanza. Koleo la kuchomolea linashika vijino viwili vya ganda, cha upande wa juu wa kibodi na cha upande wako, sio kulia na kushoto. Bana, vuta wima. Ukitikisatikisa unakwangua bamba na kupanua soketi. Kabla ya kuweka mpya, itazame pini zake kwenye mwanga, zote mbili zimenyooka? Ikae sawa juu ya tundu, sukuma kwa kidole gumba wima. Ikikataa usilazimishe, chomoa uangalie tena. Kama unaweza kufungua kibodi, weka kidole kimoja nyuma ya soketi unaposukuma, maana soketi imeshikwa na risasi mbili ndogo tu na ikibanduka hapo ndipo utanitafuta na chuma cha kuchomelea.

Sasa tahadhari kubwa kwako. Kibodi nyingi za bei ya chini zenye Outemu zina soketi nyembamba zinazokubali pini nyembamba za Outemu tu. Ukinunua Gateron au Kailh pini zake ni nene, hazitaingia, au zitaingia kwa nguvu na kuua soketi. Nenda dukani na swichi yako moja mfukoni, linganisha pini kwa macho. Ukishindwa kuona tofauti, nunua Outemu za nundu au za kuteleza, utakuwa salama.

Na ukipewa zenye pini mbili za chuma na miguu miwili ya plastiki pembeni ya mguu wa kati, wakati bodi yako haina matundu hayo, kata miguu ya plastiki kwa kikata kucha. Chuma usiguse.

---

Kijana_wa_Kabwe

Basi nimeelewa. Mleta mada aweke kahawia zote, ila W A S D aweke nyekundu kwa ajili ya dogo. Kila mtu amefurahi.

---

Mchapaji_Njombe

Hapana jamani! A ndiyo hiyohiyo ya 29,000. Unampa mchapaji nundu kwenye herufi zote isipokuwa ile anayoigonga kuliko zote. Kidole kidogo cha kushoto, dhaifu kuliko vyote, ndicho kinapewa kitufe kisichosema kimefika. Utaona "aa" zinarudi, safari hii ni kidole, si swichi.

---

Mpima_Kihesa

Mchapaji kanishinda hapo. Kwa Kiingereza ningesema potelea mbali, kwa Kiswahili A haiguswi.

Angalia gemu lenyewe basi. eFootball kwa kibodi mara nyingi unakimbia kwa mishale. Mishale minne mchapaji haitumii sana, weka nyekundu hapo, hakuna atakayelia. Counter-Strike ndiyo kikwazo. Lakini nundu ya kahawia yenyewe haimzuii dogo kugonga mara mbili, kwa sababu pa kuachia ni karibu na pa kusomwa. Alichokuwa anapambana nacho ni koti la bluu, na hilo linaondoka hata akiwekewa kahawia zote.

---

Kijana_wa_Kabwe

Mbona wanaocheza kwa ushindani wanatumia nyekundu au zile za fedha zinazosomwa mapema? Hawajui?

---

Fundi_Mafiati

Wanajua. Za fedha za Cherry zinasomwa milimita 1.2 badala ya 2, na zinafika chini milimita 3.4. Unaokoa milisekunde chache kila pigo. Kwenye mashindano wote mko ukumbi mmoja, inahesabika. Ukicheza kutoka Iyunga na seva iko Ulaya, ujumbe wa kwenda na kurudi unaweza kuzidi milisekunde 100, hizo chache za swichi zinamezwa. Na milimita 1.2 kwenye steshenari ni balaa, mchapaji akipumua tu herufi imeingia.

Zipo pia za sumaku ambazo unachagua mwenyewe isomwe wapi na iachie wapi. Nzuri sana kwa gemu, lakini zinataka bodi yake maalumu, haziingii kwenye hii yako.

Kama jirani wa ukutani ndiye tatizo kuu, tafuta nyekundu za kimya. Shina lina vipande vya raba juu na chini, inanyamazisha sakafu na dari. Mguso wake ni kama kubonyeza andazi, wengine hawaupendi. Na chochote utakachoweka, tandika kipande cha zulia chini ya kibodi. Meza ya mbao nyembamba ni ngoma.

---

Steshenari_Iyunga

Nimekwenda Mwanjelwa na swichi yangu mfukoni. Kweli, za kampuni nyingine pini zake ni nene, unaona kwa macho. Nimechukua Outemu kahawia 90 na nyekundu 10. Nimepima tatu tatu kwa mchanga: kahawia 54, 57, 53. Nyekundu 47, 45, 51.

Zulia nimeweka. Mishale ni nyekundu, herufi zote kahawia. Dogo kacheza jana, kugonga mara mbili kunasoma. Anasema nundu "inamkwaza" kwenye A na D akihama kushoto kulia haraka. Mchapaji wangu yeye anasema kitufe cha nafasi sasa kinalia kama kijiko kwenye sufuria, zaidi ya vingine vyote, na chenyewe ni kahawia kama vingine.

---

Fundi_Mafiati

Cha nafasi hakilii kwa swichi. Ni ule waya mrefu unaokishikilia kulia na kushoto ili kisipinde, ulikuwa unafunikwa na kelele za bluu, sasa umebaki peke yake. Chomoa kofia, paka grisi kidogo kwenye ncha mbili za waya pale zinapoingia kwenye plastiki. Hapo unaweza kupaka bila woga, hamna bati.

---

Mpima_Kihesa

Hiyo nyekundu ya 51 usiiweke kwenye mshale, weka ya akiba. Mishale minne ilingane.

Kuhusu dogo na A, mwambie ajaribu wiki mbili kabla hujabadili chochote.

---

Mchapaji_Njombe

Na akishindwa, ahamishe gemu kwenye mishale na huko. A isiguswe 😄

---

Kijana_wa_Kabwe

Mishale kwenye Counter-Strike? Mkono wa panya utaukalisha wapi dada?